Projekta au runinga kubwa kwa sebule ndogo?

Muuzaji anayeijua kazi yake huiwasha projekta kwenye kona yenye giza. Hapo picha ya inchi 100 inapendeza kweli, na mteja akikumbuka bei ya runinga ya ukubwa huo, mkono unaanza kutafuta pochi. Lakini nyumbani mpira unaanza saa kumi alasiri, madirisha yakiwa wazi kwa sababu ya joto.

Projekta hurusha mwanga tu. Weusi hauwezi kurushwa. Sehemu nyeusi ya picha ni pale ambapo mwanga wake haukufika, kwa hiyo hubaki na rangi ya ukuta kama ulivyo wakati huo. Ukuta ukiwa mweupe na pazia jepesi, jezi nyeusi ya refa inageuka kijivu, na filamu yenye matukio ya usiku haionekani kitu. Kuongeza mwangaza kwenye rimoti hakuufanyi ukuta uwe mweusi.

Halafu kuna nafasi. Tuchukue sebule ya mita 3 kwa 3.6. Picha ya inchi 100 ina upana wa mita 2.2, na projekta nyingi za kawaida huhitaji kukaa umbali wa mara moja na nusu ya upana huo, yaani mita 3.3. Zinabaki sentimita 30 tu nyuma yake, kwa hiyo itabidi ifungwe juu ya kochi, karibu na dari. Pangaboi likiwa katikati ya chumba, mabawa yake yanaweza kukata mwanga. Ikishushwa mezani, kila anayepita kwenda jikoni anatembeza kivuli chake ukutani. King'amuzi nacho kiko upande wa pili, kwa hiyo waya wa HDMI unazunguka chumba kizima.

Zipo projekta za kukaa sentimita chache kutoka ukutani, ila bei yake inaondoa ile nafuu iliyomvuta mteja.

Anayeitaka bado aangalie lumeni, kipimo cha mwanga. Maboksi ya projekta za bei rahisi huandikwa maelfu ya lumeni yasiyo na maana. Namba ya kulinganisha ni ile yenye neno ANSI. Lumeni 500 za ANSI zikitandazwa kwenye inchi 100 zinatosha gizani, lakini mchana mwanga wa dirishani unaweza kuzizidi.

Runinga ya inchi 55 ina upana wa mita 1.2 hivi. Kwenye sebule ileile, mtu aliyekaa kochini anakuwa mita mbili na nusu kutoka kwenye kioo, umbali unaofaa kabisa, na dirisha halihitaji kufungwa. Familia inayotazama usiku tu, yenye pazia zito na ukuta usio na kabati, inunue projekta. Nyingine zote zichukue runinga.