Cheti cha Akili Mnemba na Swali la Msaili

Mtihani wa AWS Certified AI Practitioner, ulioanzishwa na Amazon Web Services mwaka 2024, una maswali 65 ya kujibiwa kwa dakika 90. Ada ni dola 100, na cheti hudumu miaka 3. Mwongozo wake, unaopatikana bure, unasema waziwazi kwamba mtahiniwa hatarajiwi kuunda modeli, kuandaa data wala kufanya uchambuzi wa takwimu. Kwa hiyo anayefaulu ameonyesha kwamba anaelewa istilahi na anajua zana ipi hufaa kazi ipi. Kwa afisa mauzo hilo latosha kabisa. Anayeomba kazi ya kuchambua data ndiye atakayebanwa.

Tuseme mwombaji ameandika kwenye wasifu wake kwamba modeli yake hutabiri watakaoshindwa kulipa mikopo ya simu, kwa usahihi wa asilimia 95. Msaili mzoefu hashangilii. Anauliza: "Katika data yako, mikopo mingapi haikulipwa?" Kijana anajibu: 50 kati ya 1,000.

Basi hata modeli inayosema kila mtu atalipa, bila kuangalia chochote, itapatia mara 950. Ni asilimia 95 ileile, na haijamnasa hata mdaiwa mmoja.

Modeli nyingine imewatilia shaka wakopaji 80, na 30 kati yao kweli hawakulipa. Imewasingizia 50 na kuwaacha 20 wapite, yaani makosa 70. Usahihi umeshuka hadi asilimia 93, lakini imewanasa wadaiwa 30 kati ya 50. Ipi bora? Inategemea mkopo uliopotea unaitia kampuni hasara kiasi gani, ukilinganisha na kumnyima mkopo mteja mwaminifu. Msaili anataka kusikia hesabu hiyo, na kwa maoni yangu ni haki yake.

Akiletewa asilimia 99, huzidi kushuku. Mara nyingi ndani ya data kuna safu kama "idadi ya simu za kukumbushwa deni". Simu hizo hupigwa baada ya mkopaji kuchelewa, kwa hiyo siku anapoomba mkopo taarifa hiyo haipo. Modeli imechungulia majibu. Dawa yake ni kuikagua kila safu: je, siku ya uamuzi ilikuwa imeshajulikana? Kisha ondoa ile unayoitilia shaka na ufunze modeli upya. Matokeo yakiporomoka, umempata mwizi.

Makosa haya hayaonekani kwenye cheti, ila huonekana upesi katika mradi mmoja ulioelezwa vizuri. Ukiutaja mradi wako kwenye wasifu, andika data ilikotoka, modeli ilikosea kwa nani, na ulichokiondoa baada ya kukishuku. Jiandae kuulizwa kila mstari.