Mabao Tarajiwa: Usihukumu kwa Mechi Tatu

Kila shuti hulinganishwa na maelfu ya mashuti ya zamani yaliyopigwa kutoka umbali na pembe kama hiyo, kwa mguu au kwa kichwa. Ikiwa moja kati ya kumi huingia wavuni, shuti hilo hupewa 0.1, penalti hupata takriban 0.76. Ukijumlisha mashuti yote unapata xG ya timu.

Sasa chukua timu iliyopiga mashuti kumi ya 0.1. Jumla ni 1.0, lakini uwezekano wa kutoka kapa, yaani 0.9 kumi zikizidishwa pamoja, ni asilimia 35! Hata mshambuliaji mzuri hupitia mechi kadhaa za namna hiyo. Kumfukuza kocha kwa takwimu za mechi tatu ni kumwonea.