Barua ya Uteuzi wa Timu ya Netiboli

Barua ya kuwaeleza wazazi uteuzi wa timu ya shule hufaa iwafikie kabla orodha haijabandikwa ubaoni, wasije wakapata habari nusunusu. Kwa netiboli, mojawapo ya michezo ya UMITASHUMTA katika shule za msingi Tanzania, barua huanza na hesabu: uwanjani huingia wachezaji 7, na wawili tu ndio wanaoruhusiwa kufunga. Hivyo mfungaji hodari anaweza kukosa nafasi wakati mlinzi wa kawaida anaipata.

Kisha hutajwa vigezo na namna vilivyopimwa. Tuseme mwanafunzi alifunga mipira 7 kati ya 10 akiwa peke yake, lakini alipokabwa aliushika mpira zaidi ya sekunde 3 zinazoruhusiwa. Mzazi wake huelezwa hivyo hivyo. Kuandika tu kwamba "hakufikia kiwango" hakumsaidii, na kumlinganisha na mtoto wa mwenzake kwa jina huzua ugomvi.

Sehemu ya mwisho huonyesha njia ya mbele. Mwanafunzi huyo hupewa zoezi mahususi: kupokea na kutoa pasi upesi huku akikabwa. Huendelea kufanya mazoezi na timu, hujaribiwa nafasi nyingine kama ya ulinzi, na hutajiwa tarehe ya kupimwa tena. Barua haiahidi kwamba atachaguliwa; huahidi kwamba atapimwa kwa vigezo vilevile.