Macho chini ni adabu kwetu, lakini kwa mwajiri mgeni je?

Mtoto aliyelelewa vyema katika nyumba nyingi za humu nchini, awe wa Kilifi, Kakamega ama Machakos, hufunzwa mapema kwamba mkubwa hakodolewi macho. Baba akinena, mtoto huinama na kuitikia kwa sauti ya chini. Akithubutu kumtazama usoni huku akikaripiwa, ataambiwa ana kiburi.

Sasa hebu mtie msichana wa malezi hayo mbele ya meneja Mjerumani wa hoteli ya kitalii kule Diani, ambaye anatafuta mtu wa kuketi mapokezi. Meneja anamuuliza ni kwa nini aliacha kazi yake ya kwanza. Msichana anaitazama meza na kujibu polepole kwamba mkataba ulikwisha. Jibu hilo ni la kweli kabisa. Lakini huko alikokulia meneja, mtu anayekwepesha macho akiulizwa swali kama hilo hudhaniwa kuwa ana jambo analoficha. Meneja anauliza tena kwa maneno mengine. Msichana naye, akidhani amekosa, anazidi kuinama. Kufikia swali la tatu mahojiano yamekwisha kuharibika, ilhali hakuna aliyesema uongo wala aliyekosa adabu.

Msomaji, dalili ya kuchunga hapa ni kule kurudiwa kwa swali. Usibadilishe jibu lako, kwani hapo ndipo utakapotiliwa shaka kikweli. Lirudie lile lile, ila safari hii ukimtazama anayekuuliza.

Wengi hudhani kwamba Wazungu hutazamana bila kupepesa. Sivyo. Michael Argyle, mtaalamu wa saikolojia wa Chuo Kikuu cha Oxford, alionyesha katika uchunguzi wake huko Uingereza kwamba anayesikiliza humtazama mwenzake zaidi kuliko anayesema. Kwa hivyo mtazame meneja hadi amalize swali. Ukifikiria jibu, una ruhusa ya kutazama kando, na hata yeye hufanya hivyo. Kisha yarejeshe macho unapomalizia jibu, maana huko ndiko kumwambia kwamba zamu ni yake. Kama macho yake yanakutisha, tazama katikati ya nyusi zake. Mtu aliyeketi ng'ambo ya meza ni vigumu kung'amua tofauti.

Jambo jingine ni nafasi kati ya watu. Katika kitabu alichokichapisha mwaka wa 1966, Mwamerika Edward Hall aliandika kwamba marafiki huongea wakiwa mbali kati ya sentimita 45 na mita moja na robo hivi, na watu wa shughuli za kikazi husimama mbali zaidi ya hapo. Vipimo hivyo alivipata kwa Wamarekani, hasa wa kaskazini mashariki mwa nchi yao, kwa hivyo visichukuliwe kuwa sheria ya dunia nzima. (Sisi tuliozoea kubanana katika matatu twaweza kucheka!) La kukumbuka ni moja tu: mgeni akirudi hatua moja nyuma mkizungumza, usimfuate. Ukimfuata atarudi tena, nanyi mtaishia ukutani.

Lakini panapoleta hasara kubwa zaidi ni kwenye neno "la". Tuseme msichana wetu amepata kazi. Meneja anamuuliza, "Utaweza kuanza Jumatatu?" Yeye anajua kwamba Jumatatu kuna mazishi ya mjomba wake huko bara, lakini kumkatalia mkubwa usoni ni aibu, basi anasema, "Nitajaribu." Mkenya mwenzake angeelewa mara moja kwamba hapo pana kizuizi, na angeuliza kama nyumbani ni kwema. Mjerumani husikia ahadi. Anaandika jina lake kwenye orodha ya Jumatatu asubuhi, na siku hiyo wageni wanafika na kukuta mapokezi hapana mtu.

Jibu ambalo lingemfaa ni hili: "Jumatatu siwezi, tunamzika mjomba. Nitafika Jumatano saa mbili asubuhi." Ameanza kwa kukataa, akatoa sababu kwa ufupi, kisha akaitaja siku nyingine. Kwa masikio yetu yaonekana kama ukavu, lakini meneja huyo hataona ukavu wowote, kwa sababu sasa ana siku ya kuandika.

Hata hivyo, usimpime kila mgeni kwa kipimo cha Mjerumani. Mjapani, kwa mfano, aghalabu naye huona vigumu kumkatalia mtu waziwazi, na kumkazia macho mkubwa si adabu kwake. Na bibi aliyekwenda kufanya kazi ya nyumbani Saudia akimtazama mwenye nyumba machoni, huenda akaeleweka vibaya kwa njia nyingine kabisa.

Nao mameneja wa kigeni walioishi Pwani miaka mingi hujifunza. Utamsikia mmoja wao haulizi tena, "Utaweza Jumatatu?" Huuliza, "Utaanza siku gani?"