Alikukataa, Sasa Anakuchangamkia: Ana Maana Gani?

Tuchukue kijana anayeuza kwenye duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo. Mwezi wa tatu alimweleza mhasibu wa dukani kwamba anampenda. Dada akamjibu kwa upole, "Nakuheshimu sana, ila wewe kwangu ni kaka." Tangu siku hiyo salamu zikawa za kuibia, na mchana kila mtu akala kivyake. Wiki sita zikapita. Asubuhi moja dada akamwekea chapati mbili mezani: "Siku hizi umekuwa adimu wewe!" Usiku ule kijana hakupata usingizi.

Mwaka 1993, mwanasaikolojia wa Marekani Roy Baumeister na wenzake walichapisha utafiti kuhusu mapenzi ya upande mmoja. Waliwaomba watu wasimulie walivyopenda bila kupendwa, na pia walivyopendwa na mtu wasiyemtaka. Waliokataa walisimulia hatia, na pia kutojua la kufanya. Anayependa ana nyimbo na hadithi tele za kumwonyesha njia. Anayekataa hana wa kumfundisha. Waliokataliwa, kwa upande wao, mara nyingi waliamini kwamba walikuwa wamepewa matumaini.

Hapo ndipo ukimya wa wiki sita unapoeleweka. Dada alijua kuwa hata kicheko chake kingeweza kusomwa kama "ndiyo", akajirudisha nyuma. Alipoona kijana ametulia, haombi jibu tena, akarudi. Basi kabla ya kufikiria hatia au majuto, fikiria nafuu: hatari imepita, urafiki wa zamani unarudi mahali pake.

Utajuaje ni ipi? Nafuu hurudisha yale yale mliyokuwa nayo, bila kuzidi. Hatia huzidisha: vizawadi, sifa nyingi, "uko sawa lakini?" kila mara. Mara nyingi huonekana mbele za watu na kukwepa faragha, na ukimhakikishia kuwa huna kinyongo, hupungua. Aliyebadili mawazo huligusa lile jambo lenyewe. Atauliza kama una mtu, atatafuta muda wa kuwa nawe peke yenu, na atarudi hata baada ya kuambiwa kuwa yaliyopita yameisha. Lakini moyo unaweza kubeba hatia na nafuu kwa pamoja, kwa hiyo dalili moja haitoshi. Tazama majuma kadhaa.

Kijana wetu alichagua kusema. "Dada, yale ya mwezi wa tatu yamekwisha. Usijisumbue." Dada akashusha pumzi, akacheka kama zamani. Wiki iliyofuata hapakuwa na chapati mezani. Salamu zilikuwepo, na mchana wakala pamoja, kila mtu akajilipia.