Upepo Ukivutwa Kulia, Kimbunga Huzunguka Kushoto

Mwanzoni mwa Mei 2022 setilaiti zilipiga picha ya vimbunga viwili vilivyokuwa hai kwa wakati mmoja katika Bahari ya Hindi. Cha kaskazini mwa ikweta, kwenye Ghuba ya Bengali, kiliitwa Asani. Cha kusini, upande wa Australia, kiliitwa Karim. Mawingu ya Asani yalizunguka kinyume cha mishale ya saa, na ya Karim yakafuata mishale ya saa. Bahari ni moja na wiki ni ile ile. Kilichovitenganisha ni ikweta tu.

Sababu iko kwenye mwendo tusiouhisi. Dunia hujizungusha kutoka magharibi kwenda mashariki mara moja kwa siku, na kwa kuwa ikweta ndiyo duara lake refu kuliko yote, mtu aliyesimama Nanyuki anabebwa kuelekea mashariki kwa kasi ya takriban kilomita 1,670 kwa saa. Mtwara, kwenye nyuzi 10 na ushei kusini, duara ni fupi kidogo na kasi inapungua kwa kama kilomita 27 kwa saa. Sasa chukua hewa inayotoka ikweta kwenda kusini. Inaondoka na kasi ya kule ilikotoka, kwa hiyo kadiri inavyosonga ndivyo inavyozidi kuitangulia ardhi iliyo chini yake upande wa mashariki. Anayetazama kusini, mashariki iko mkono wake wa kushoto. Anayetazama kaskazini, mashariki iko kuliani. Ndiyo maana kusini mwa ikweta upepo hukengeukia kushoto, na kaskazini hukengeukia kulia.

Vitabu vingi vya shule huishia hapo, na hapo ni nusu ya hesabu. Mkengeuko halisi ni karibu mara mbili ya huo, kwa sababu hewa inayosogea kwenye duara fupi zaidi huongezeka kasi yenyewe. Tena maelezo hayo hayasemi lolote kuhusu upepo unaovuma moja kwa moja kwenda mashariki, ambao nao hukengeuka. Upepo huo unazunguka haraka kuliko ardhi, hivyo hutaka kutupwa nje, mbali na mhimili wa dunia, yaani kuelekea ikweta. Kwa aliye kusini akitazama mashariki, ikweta iko kushotoni. Jibu ni lile lile. Hisabati yake ilikamilishwa mwaka 1835 na Mfaransa Gaspard-Gustave de Coriolis, ambaye wala hakuwa akifikiria upepo. Alikuwa akishughulika na mitambo inayozunguka, kama magurudumu yanayoendeshwa na maji. Kani hiyo imebaki na jina lake.

Ni kani dhaifu, na inahitaji muda. Upepo wa kilomita 72 kwa saa, kwenye nyuzi 10, ukienda saa moja utakuwa umetoka kwenye mstari wake kwa kama kilomita tatu. Ukienda saa tatu, umetoka kwa karibu kilomita 30. Kimbunga huvuta hewa kutoka mamia ya kilomita, kwa siku kadhaa, na kwa kipimo hicho kani ndogo inatosha kuamua mambo.

Hapa ndipo wasomaji wengi hukwama, na wana haki ya kukwama. Kama upepo wa kaskazini unavutwa kulia, mbona Asani kilizunguka kuelekea kushoto, kinyume cha mishale ya saa? Fuata fungu moja la hewa. Katikati ya kimbunga kuna mgandamizo mdogo wa hewa, na hewa ya pembeni hukimbilia huko. Ingeachwa, ingefika katikati moja kwa moja. Lakini njiani inavutwa kulia, kwa hiyo inaikosa shabaha na kuipita, kitovu kikiwa mkono wake wa kushoto. Mvuto wa kitovu haujaisha, kwa hiyo unaipindisha hewa kuelekea kushoto, na hewa inaishia kukizunguka kitovu ikiwa imekiweka kushoto muda wote. Mafungu ya hewa kutoka pande zote yakifanya hivyo, mzunguko mzima unakwenda kinyume cha mishale ya saa. Kusini mambo hugeuka: hewa inaikosa shabaha kwa upande wa kushoto, kitovu kinabaki kulia, na kimbunga kinafuata mishale ya saa. Mkengeuko ndio unaochagua upande. Nguvu yenyewe ya kimbunga hutoka kwenye joto la bahari.

Pale Nanyuki wapo vijana wanaowaonyesha watalii beseni lenye tundu. Hatua chache kaskazini mwa kibao cha ikweta, maji yanazunguka upande mmoja. Hatua chache kusini, upande mwingine. Juu ya mstari wenyewe, yanashuka wima. Mchezo mzuri, na nisingependa kumharibia mtu riziki yake, lakini si kani ya Coriolis. Juu ya ikweta kani hii ni sifuri, na mita 20 kutoka hapo ni kama sifuri. Hata ukilipeleka beseni hilo Mtwara, maji yanayotembea kwa sentimita 10 kwa sekunde yatakengeuka kama nusu milimita kwa sekunde 20. Mkono unaomimina maji, au mwili unaogeuka na beseni, unayatia mzunguko mkubwa kuliko huo mara nyingi. Ukitaka kuiona kani yenyewe ndani ya chombo, fanya kama Ascher Shapiro wa chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1962: tangi la upana wa karibu mita 1.8, maji yaliyoachwa yatulie kwa saa 24, kisha kizibo kinachotolewa taratibu kutoka chini. Maji yake yalizunguka kinyume cha mishale ya saa. Watafiti wa Sydney walipolirudia jaribio hilo miaka mitatu baadaye, yao yalifuata mishale ya saa.

Udhaifu huo wa kani karibu na ikweta ndio unaowalinda wakazi wa Mombasa. Hewa inayokimbilia mgandamizo mdogo pale hufika katikati na kuujaza kabla mzunguko haujaundwa. Vimbunga ndani ya nyuzi tano za ikweta ni nadra mno. Vamei cha Desemba 2001, kilichojitokeza karibu na Singapoo kwenye takriban nyuzi moja na nusu, bado hutajwa kama kioja. Pwani ya kusini ya Tanzania iko ukingoni mwa eneo hilo la usalama, na Mei 2024 Hidaya kilifika Mafia, kikiwa kimeshaanza kuishiwa nguvu.

Kwa wa pwani, kujua upande wa mzunguko kuna kazi. Upe upepo mgongo: kusini mwa ikweta kitovu kitakuwa upande wako wa kulia. Nahodha anayepandisha Omani abadili mkono, maana huko kitakuwa kushoto. Kimbunga Kenneth kilipoingia kaskazini mwa Msumbiji tarehe 25 Aprili 2019, kikitokea baharini, Mtwara ilikuwa kaskazini mwa kitovu. Kwa kimbunga kinachofuata mishale ya saa, upande wa kaskazini upepo hutoka magharibi, yaani bara, na kuyasukuma maji yaende baharini. Upande wa kusini wa kitovu upepo hutoka baharini na kuyarundika maji ufukweni. Kwa hiyo kimbunga kikitajwa kuwa kinaelekea pwani yetu, umbali wa kitovu peke yake hautoshi. Uliza kama kitapita kusini au kaskazini mwako: kikipita kaskazini, bahari ndiyo itakayosukumwa kwako.