Gemu inaanza vizuri, dakika ya nane inakwama: siyo RAM, ni vumbi

Dogo ninayekaa naye chumba kimoja hapa Dar ana laptopu ya gemu aliyoinunua ikiwa imeshatumika. Ndani ina prosesa ya Intel Core i7-9750H na kadi ya grafiki ya GTX 1660 Ti, yaani mashine ambayo GTA V haipaswi kuisumbua. Na kweli, akianza kucheza inateleza kama mafuta. Ikifika kama dakika ya nane ndo balaa linaanza: gari linaruka kutoka hapa hadi pale, sauti inakatika, picha inaganda nusu sekunde kisha inaachia. Kuanzia hapo ni kukwamakwama mpaka anakasirika na kuifunga. Fundi mmoja akamwambia RAM haitoshi, atafute laki na nusu aongezewe. Dogo akaja kwangu: "Kaka, niazime themanini, nyingine ninayo."

Nikamwomba jioni moja kabla hajatoa hela. Kilichonitia shaka ni hizo dakika nane. RAM ikiwa ndogo, gemu husumbua pale inapopakia vitu vipya, mfano ukiingia mtaa ambao hukuwa nao kwenye kioo. Hapo kukwama kunafuata mahali ulipo. Hii ya dogo ilikuwa inafuata saa. Tena ukiishusha gemu chini bila kuifunga, ukaenda kunywa chai dakika tano, ukirudi inakuwa safi kwa dakika mbili tatu halafu inarudia uchizi wake. RAM haiponi kwa kupumzika. Kinachopona kwa kupumzika ni kitu kilichopata moto.

Sasa, kwa nini joto liigandishe gemu? Prosesa inatoa joto kulingana na mambo mawili makubwa: kasi inayokwenda nayo na volti inayopewa. Kwa makadirio, joto linalotokana na kazi yake hufuata kanuni hii:

```
P ≈ C × V² × f
```

P ni wati, f ni kasi, V ni volti, na C ni namba inayotegemea chipu yenyewe na kazi inayofanya. Angalia hiyo V imezidishwa kwa yenyewe. Kasi kubwa inadai volti kubwa, kwa hiyo ukipunguza kasi unapunguza vyote viwili kwa pamoja. Tuchukue mfano wa namba za kufikirika lakini za kawaida: kutoka gigahezi 4.0 kwa volti 1.2, ushuke hadi gigahezi 2.6 kwa volti 0.9. Kasi imebaki asilimia 65, lakini joto limebaki asilimia 37 hivi tu. Ndiyo maana prosesa ikiungua, njia yake ya haraka ya kujiokoa ni kujipunguzia kasi. Haiulizi ruhusa ya Windows wala ya gemu. Kwa i7-9750H mpaka umewekwa nyuzijoto 100, na ikigusa hapo inajibana yenyewe.

Kujibana peke yake kusingekuwa kubaya sana kama kasi ingeshuka mara moja na kutulia. Shida ni kwamba chipu ni kipande kidogo sana cha silikoni. Ukipunguza wati, joto lake linaanguka ndani ya muda mfupi mno, chini ya sekunde. Prosesa inaona nafuu, inapandisha kasi tena, inagusa 100, inajibana. Panda, shuka, panda, shuka. Gemu iliyokuwa inapata fremu kila baada ya milisekunde 17 ghafla inasubiri moja kwa milisekunde 200 au 300.

Na hapa namba ya fremu kwa sekunde inadanganya watu wengi. Chukua sekunde moja yenye fremu 50, kila moja milisekunde 14. Hiyo ni milisekunde 700. Halafu ongeza fremu moja iliyochukua milisekunde 300. Kioo kitakuonyesha fremu 51 kwa sekunde, ambayo ni namba nzuri tu, wakati jicho lako limeona picha imesimama karibu theluthi ya sekunde. Kwa hiyo mtu akikwambia "mbona fremu zipo 50, huna tatizo," usibishane naye, mwonyeshe kioo.

Turudi kwenye swali la kwa nini joto limefika 100. Njia ya kutoka ni hii: chipu inagusa bamba la shaba kupitia pesti, bamba limeungwa na mirija ya shaba, mirija inakwenda kwenye mapezi, na feni inapuliza hewa kati ya mapezi. Mapezi ni vibati vyembamba vilivyosimama karibukaribu, nafasi kati yake ni kama milimita moja. Njia nzima unaweza kuihesabu kama upinzani mmoja, yaani nyuzi ngapi zinaongezeka kwa kila wati moja. Tuseme chumba kina nyuzi 30, prosesa inakula wati 50, na mashine ikiwa safi upinzani ni 1.1. Joto litakuwa 30 + 50 × 1.1, yaani 85. Vumbi likipandisha upinzani hadi 1.6, hesabu inasema 110. Lakini 110 haifikiki, prosesa inasimamia 100, kwa hiyo lazima wati zishuke hadi (100 − 30) ÷ 1.6, ambazo ni 44 hivi. Na kumbuka kwenye laptopu nyingi za gemu kadi ya grafiki inatumia mirija hiyohiyo, kwa hiyo yenyewe ikichemka inamchemsha na jirani.

Dakika nane zinatoka hapa pia. Shaba, feni, kava na hewa ya ndani vinachukua muda kujaa joto. Mwanzoni mapezi bado ni ya baridi, yanapokea kila kitu. Yakishajaa, kinachotoka ni kile tu ambacho feni inaweza kukisukuma nje.

Nikaweka HWiNFO64, nikafungua sehemu ya vipimo, nikamwambia dogo acheze kama kawaida. Nilitazama mistari mitatu tu: `CPU Package`, `Core Clocks` na `Core Thermal Throttling`. Dakika ya kwanza joto lilikuwa 82 na kasi gigahezi 3.9. Dakika ya nane joto lilishikilia 99 na 100, kasi ikawa inaruka kati ya 3.5 na 1.6, na ule mstari wa tatu ukageuka kutoka `No` kuwa `Yes`. Joto limeganda juu, kasi inayumba, na mashine yenyewe inakiri. Ukiviona vitatu hivyo pamoja, huhitaji tena kubahatisha.

Wenye Linux wanaweza kuuliza mashine imejibana mara ngapi tangu iwashwe:

```
cat /sys/devices/system/cpu/cpu0/thermal_throttle/core_throttle_count
```

Soma kabla ya gemu, soma baada ya gemu. Kwenye prosesa za Intel namba ikipanda, ni joto.

Tahadhari moja. Ukikuta kasi imekwama gigahezi 0.8 na joto ni 60 tu, hilo siyo vumbi. Mara nyingi chaja haitambuliki au haina wati za kutosha, au kuna kihisi kinachotoa taarifa ya uongo. Hapo kusafisha hakutakusaidia kitu.

Dogo akapinga: "Lakini kaka, nimemulika na tochi kwa nyuma, pako peupe!" Na alikuwa mkweli. Vumbi la laptopu halikai pale unapoona. Feni inavuta hewa kwa chini na kuisukuma kwenye mapezi, kwa hiyo uchafu unanasa upande wa ndani, kati ya feni na mapezi. Nyuzi za nguo, shuka na nywele zinatangulia kukwama kwenye zile nafasi za milimita moja, halafu vumbi laini linajishikiza juu yake. Baada ya muda linakuwa kama kipande cha blanketi. Kwa nje unaona shaba inang'aa, kwa ndani hewa haipiti. Dalili ni rahisi: feni inapiga kelele kama jenereta, lakini ukiweka mkono kwenye tundu la kutolea hewa unapata pumzi ya mgonjwa.

Kwa hiyo kupuliza bloa kwa nje, kama wanavyofanya vibanda vingi, ni nusu ya kazi. Unalirudisha blanketi kwenye feni na muda mfupi linarudi lilipokuwa. Tulizima mashine, tukachomoa chaja, tukafungua kava la chini, na kitu cha kwanza nikachomoa waya wa betri. Kisha tukafungua skrubu za feni mbili na kuziinua. Blanketi lilikuwepo, la kijivu, upana wa mapezi yote ya upande wa prosesa. Nililitoa kwa kibanio cha nyusi kama mtu anavyobandua ngozi ya maziwa. Mabaki tukayapiga brashi laini na bloa kidogo, huku nimezuia feni kwa kidole isizunguke. Feni ikizungushwa na upepo inaweza kupita kasi yake na kuharibu bearingi, na ikiwa bado imeunganishwa inaweza kurudisha umeme kwenye bodi.

Pesti sikuigusa siku hiyo, ingawa mkono uliniwasha. Ukisafisha na kubadilisha pesti kwa pamoja hutajua kipi kilikuwa na kosa. Tukafunga, dogo akacheza dakika 30. Joto likatulia 91, kasi 3.7 bila kuyumba, na ule mstari ukabaki `No`. Wiki iliyofuata nikabadilisha pesti, joto likaja 86. Nyuzi tisa au zaidi ni za vumbi, tano za pesti. Nasema "au zaidi" kwa sababu ile 100 ya mwanzo ilikuwa dari, siyo kipimo cha kweli.

Bado 86 ni joto, na laptopu nyembamba hata ikiwa mpya inaweza kufika tisini na kitu, hasa chumba chetu kikiwa na nyuzi 32. Kila nyuzi ya chumba inaongezeka karibu nzima kwenye chipu. Kwa hiyo tukafunga fremu zisizidi 60, kwa kuwa kioo chake hakionyeshi zaidi ya hapo, na kuinua nyuma kwa vifuniko viwili vya chupa ya soda ili feni zipate hewa. Siku za joto kali anazima ile kasi ya ziada ya prosesa kwa amri hizi, akirudisha 100 baadaye:

```
powercfg /setacvalueindex SCHEME_CURRENT SUB_PROCESSOR PROCTHROTTLEMAX 99
powercfg /setactive SCHEME_CURRENT
```

Anabaki na gigahezi 2.6, ambayo kwa GTA V inatosha, na joto halivuki 75.

Laki na nusu haikutoka. Nilipima tena baada ya miezi mitano, ikawa 92. Nilipouliza anachezea wapi, akanyamaza, maana laptopu ilikuwa juu ya godoro.